Muhtasari wa Mkutano Kabla ya Kubandikwa Mahoko: Nini Kifichwe, Nini Kibaki

Mtu wa Kanama hahitaji jina ili ajue ni nani anayezungumziwa. Mwambie tu "yule mama wa karibu na daraja ambaye nyumba yake ilichukuliwa na Sebeya," naye atakutajia jina la huyo mama, la mumewe, na pengine la wakwe zake. Ndiyo maana katibu anayechukua kalamu na kufuta majina kwenye muhtasari, kisha akaubandika penye soko la Mahoko, huwa amefanya nusu ya kazi tu. Jina limeondoka lakini mtu amebaki pale pale, na kila anayepita kununua viazi anamwona.

Makala hii ni kwa makatibu wa vyama vya ushirika, vikundi vya akiba na kamati za misaada, wale wanaoandika kile ambacho hapa kwetu huitwa inyandikomvugo, na ambao baadaye huombwa waisambaze kwa wanachama au kwa wananchi wote. Nitazungumzia jambo moja: namna ya kutoa nakala inayosema kila lililoamuliwa bila kuanika maisha ya mtu.

Sheria mbili zinazovutana

Rwanda ina sheria mbili ambazo katibu hana budi kuziweka mezani pamoja. Ya kwanza ni Sheria Na. 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013 kuhusu kupata habari. Inasukuma upande wa uwazi, lakini yenyewe inataja mambo yanayozuia habari kutolewa, na mojawapo ni kuingilia faragha ya mtu pale ambapo hakuna maslahi ya umma. Ya pili ni Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha. Iliwapa wahusika miaka miwili ya kujipanga, na muda huo ukaisha Oktoba 2023. Anayeisimamia ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao.

Katika sheria hii ya pili, soma vizuri orodha ya taarifa nyeti. Humo mna hali ya afya na rekodi za matibabu, rekodi za makosa ya jinai, asili ya kijamii ya mtu, imani ya dini, maoni ya siasa, mambo ya ndani ya familia. Ukiitazama orodha hiyo kisha ukakumbuka yanayosemwa kwenye mkutano wa kawaida wa ushirika, utaona kwamba nusu saa ya mjadala kuhusu madeni inaweza kuyagusa matatu au manne kati ya hayo. Mwanachama hajalipa kwa sababu anaumwa. Mwingine aliwahi kufungwa. Wa tatu amegombana na mkewe kuhusu shamba. Hakuna aliyekusudia kutoa siri, ila katibu aliandika kila alichosikia.

Nakala mbili, si moja iliyochafuliwa

Hatua ya kwanza ni kuacha kabisa kufikiri kwamba utauchukua muhtasari uliosainiwa na kuupaka wino. Muhtasari kamili, wenye saini ya mwenyekiti na katibu, hauguswi. Unabaki kwenye daftari au faili lililofungwa kwa ufunguo, kwa sababu mkaguzi, mahakama au mwanachama mwenye mgogoro anaweza kuuhitaji kama ulivyo. Ukifuta neno humo, umeharibu ushahidi.

Unachosambaza ni hati ya pili, unayoiandika kutoka kwenye ile ya kwanza, na juu yake unaandika wazi: "Nakala ya kusambazwa. Baadhi ya taarifa binafsi zimeondolewa. Muhtasari kamili uko ofisini." Msomaji ana haki ya kujua kwamba kuna kitu kimetolewa. Usiandike upya sentensi ya mtu ili ionekane kwamba alisema jambo la upole ambalo hakulisema. Ama fupisha hoja kwa maneno yako mwenyewe, ama weka mabano: "[taarifa binafsi imeondolewa]".

Angalia maneno yaliyomo kwenye mabano hayo. Makatibu waangalifu hupenda kutoa sababu: "[ugonjwa wa mwanachama umeondolewa]". Sababu hiyo imeshasema kwamba mwanachama anaumwa. Tumia maneno yale yale mapana kila mahali, na sababu halisi iandike kwenye karatasi ya ndani inayoonyesha ukurasa, kilichotolewa, sababu yake na aliyeamua. Karatasi hiyo hukaa pamoja na muhtasari kamili. Ndiyo itakayokulinda mtu akidai ulificha jambo kwa upendeleo, na ndiyo itakayokusaidia ikiwa nakala ya pili itaombwa baadaye. Nakala mbili zilizofichwa sehemu tofauti zikiwekwa pamoja, moja hufichua kilichofichwa na nyingine.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue ushirika wa kubuni wa wakulima wa viazi wenye wanachama 84, ambao 61 walihudhuria mkutano mkuu. Katibu ameandika hivi chini ya ajenda ya madeni ya mbegu:

"(Jina kamili), kitambulisho namba (tarakimu zote 16), simu (namba), wa umudugudu fulani, hajalipa faranga 180,000 za mbegu tangu nyumba yake ilipochukuliwa na mto Mei 2023. Mkewe alieleza kwamba ana ugonjwa wa figo na yuko hospitalini. Mwanachama (jina) alisema huyo ni mwizi na kwamba ukoo wao wote ndivyo ulivyo. Mkutano uliamua kumwongezea miezi sita. Waliokubali 41, waliokataa 9, wasiopiga kura 11."

Anza kwa kuuliza: mwanachama ambaye hakuwepo anahitaji kujua nini ili asimamie mali yake? Anahitaji kujua kwamba kuna madeni ya mbegu, ni kiasi gani kwa jumla, kwamba mkutano ulitoa nafuu, kwa kura ngapi, na nani atafuatilia. Hayo yanabaki yote.

Sasa teremka sentensi kwa sentensi. Namba ya kitambulisho inatoka yote, wala usijiridhishe kwa kuficha tarakimu za mwisho. Katika kitambulisho cha Rwanda, baada ya tarakimu ya kwanza hufuata mwaka wa kuzaliwa, na baada yake 8 kwa mwanamume au 7 kwa mwanamke. Ukiacha mwanzo wa namba umeshataja umri na jinsia. Namba ya simu nayo ni jina kamili kwa sura nyingine, kwa maana anayejaribu kuitumia hela kwa simu huonyeshwa jina la mwenye namba kabla hajathibitisha.

Kisha umudugudu na mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua na maporomoko viliua zaidi ya watu 130 nchini, na Sebeya ikavunja nyumba nyingi hapa Rubavu. Mtu anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa walioathirika ni wengi, kutaja mafuriko hakumtambulishi yeyote. Lakini ndani ya ushirika wa watu 84, waliopoteza nyumba, wanaoishi umudugudu huo na wanaodaiwa mbegu wanaweza kuwa mmoja tu. Kila kipande peke yake hakina madhara. Vikikusanyika vinamtaja mtu. Kipimo ninachopendekeza ni hiki: ukihesabu wanachama wanaolingana na maelezo yaliyobaki na ukapata pungufu ya watano, ondoa kipande kingine. Watano si takwa la sheria, ni kiwango cha tahadhari tu, ila kinamlazimisha katibu ahesabu badala ya kukisia.

Ugonjwa unatoka bila mjadala. Hauhitajiki kuelewa uamuzi, na upo kwenye orodha ya taarifa nyeti.

Lililobaki ni lile neno la mwizi na ukoo. Haya ni maneno mawili ya uzito tofauti. "Mwizi" ni tusi na ni tuhuma isiyothibitishwa. Ushirika ukilibandika ukutani, ndio unaolisambaza. Kuhusu ukoo, katika nchi hii maneno yanayomhukumu mtu kwa asili yake si ya kuchukulia kama porojo za mkutanoni, na yanaweza kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo hayachapishwi kwenye nakala ya kusambazwa, na wala hayafutwi kwenye muhtasari kamili. Mwenyekiti aliyaona, katibu aliyaandika kama yalivyosemwa, na ikibidi yapelekwe kwa mamlaka, yatapatikana yakiwa mazima.

Nakala ya kusambazwa inakuwa hivi:

"Mkutano ulijadili madeni ya mbegu, yenye jumla ya faranga 1,150,000. Ombi la kuongezewa muda lilijadiliwa na sababu zake ziko kwa kamati. [Taarifa binafsi imeondolewa.] Iliamuliwa kutoa nyongeza ya miezi sita. Waliokubali 41, waliokataa 9, wasiopiga kura 11. Mweka hazina atatoa taarifa ya marejesho kwenye mkutano ujao."

Tuseme ukweli: wale 61 waliokuwa ukumbini bado wanajua. Hakuna kalamu inayofuta kumbukumbu zao. Kazi ya nakala hii ni kuzuia karatasi isiwafikishie habari hiyo wengine: mtoto wa mdaiwa anayepita akienda shule, mteja wake wa Goma, mkopeshaji anayefikiria kumpa fedha mwakani.

Hesabu zinazofichua

Makosa mengi hujificha kwenye majedwali. Chukua ushirika ule ule. Katibu anaorodhesha wadaiwa wanne na kiasi cha kila mmoja: 400,000, 350,000 na 220,000 kwa majina, na wa nne kwa alama nyeusi kwa sababu ni mgonjwa. Chini anaandika jumla, 1,150,000. Mtu yeyote anayeweza kutoa atapata 180,000 ndani ya dakika moja, na kwa kuwa orodha ilipangwa kwa herufi, nafasi ya alama nyeusi inamwonyesha hata herufi ya kuanzia jina. Ukificha mmoja, ficha wote wanne na ubakize jumla.

Urefu wa alama nao unasema. Jina lenye herufi tano likifunikwa na mstari mfupi na lenye herufi kumi na sita likifunikwa na mstari mrefu, wanaojua majina ya kamati wanaanza kubahatisha. Tumia maneno yenye urefu ule ule kila mara. Usimpe mtu herufi moja, "Mwanachama A", katika mihtasari ya mwaka mzima, maana habari ndogo ndogo za mikutano minne zitamkusanya. Kama ni lazima kutofautisha wasemaji, anza herufi upya kila mkutano.

Orodha ya mahudhurio, ile yenye saini, simu na namba za vitambulisho, haiambatanishwi kamwe. "Walihudhuria 61 kati ya 84" inatosha kuonyesha akidi.

Pasipofichwa

Kuna upande wa pili ambao unahitaji ukali ule ule. Kuficha kunaweza kugeuka kichaka cha kuficha wizi. Tuseme kwenye mkutano huo huo mwanachama alisimama akasema mweka hazina amekula faranga 300,000 za mauzo ya magunia. Mweka hazina atapenda kuona maneno hayo yakiitwa taarifa binafsi. Sivyo. Alichofanya kwa cheo chake, na fedha za wanachama, ni jambo la wanachama.

Kinachoondoka ni neno la kuhukumu, "amekula". Kinachobaki ni hoja: "Iliulizwa kuhusu faranga 300,000 za mauzo ambazo hazionekani kwenye daftari la mapato. Mweka hazina alijibu kwamba risiti ziko kwa dereva. Iliamuliwa Inama Ngenzuzi ikague na kutoa taarifa ndani ya siku 30." Cheo kinatajwa, kiasi kinatajwa, jibu lake linatajwa kwa haki, na msomaji anajua nani anafuatilia. Majina ya viongozi wanapofanya kazi ya uongozi, mishahara na posho zilizoidhinishwa na mkutano, mikataba na matokeo ya kura, yote hubaki.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuficha usiachiwe mtu mmoja, na yule anayehusika asiuguse. Katibu aandae, mjumbe mmoja wa Inama Ngenzuzi asome akiwa na muhtasari kamili pembeni, wote wawili watie saini kwenye ile karatasi ya ndani. Kama katibu mwenyewe ametajwa katika mjadala, sehemu hiyo iandaliwe na mwingine.

Wino, simu na kompyuta

Aibu kubwa duniani katika kazi hii hazikutokana na kutojua cha kuficha. Zilitokana na kukificha vibaya. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort huko Marekani waliwasilisha hati mahakamani yenye mistari myeusi. Waandishi wa habari wakanakili maandishi ya chini ya mistari hiyo na kuyabandika kwingine, yakasomeka yote. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la habari kwa jedwali la kompyuta lililokuwa na ukurasa wa ndani usioonekana, na humo mlikuwa na majina ya askari na wafanyakazi wao zaidi ya 9,000. Mwaka uliofuata wakatozwa faini ya pauni 750,000.

Somo ni lile lile kwa ushirika wa Kanama. Mstari mweusi uliochorwa juu ya maneno katika Word au PDF ni kifuniko tu, maneno yapo chini yake. Futa neno lenyewe, andika mabano badala yake. Kisha katika Word fungua `File > Info > Check for Issues > Inspect Document`, uondoe maoni ya pembeni, mabadiliko yaliyohifadhiwa na jina la mwandishi. Ndipo uhifadhi kama PDF. Jedwali la Excel usilisambaze kabisa. Nakili sehemu inayohitajika kwenye hati mpya. Na tazama jina la faili lenyewe. Faili lililofichwa vizuri lakini likaitwa kwa jina la mlalamikaji halijaficha kitu.

Ikiwa unatumia simu, kalamu ya kupaka rangi kwenye picha nyingi huacha rangi inayopenya, na mtu akiongeza mwanga maandishi hutokea. Usipige picha ya daftari ukaipaka rangi. Chapa nakala mpya, hata kwenye ujumbe wa kawaida wa WhatsApp.

Ikiwa unatumia karatasi na wino tu, wino wa kalamu nene huonekana ukiinua karatasi kwenye jua. Kwenye nakala, si kwenye muhtasari wenye saini, funika maneno kwa kipande cha karatasi nyeupe, piga fotokopi, na ubandike fotokopi hiyo. Ile yenye vipande irudi kwenye faili.

Kabla ya kusambaza, jaribu mwenyewe. Fungua PDF, bonyeza `Ctrl+A` kisha `Ctrl+C`, ubandike kwenye ukurasa mtupu na usome kilichotoka. Kisha tafuta kwa `Ctrl+F` vipande vinavyosahaulika: `07` na `+250` kwa simu, `119` na `120` kwa vitambulisho, maneno "mke wa", "mtoto wa", "mjane", "hospitali". Kama muhtasari unatoka kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, fanya hivyo kwa nakala zote mbili, kwa kuwa jina lililotolewa kwenye moja mara nyingi hubaki kwenye nyingine. Mwisho, mpe asome mtu wa Kanama ambaye hakuwa mkutanoni, umuulize: "Unamjua nani humu?" Akitaja mtu asiye kiongozi, rudi mezani.

Ikishatoka

Ikitokea imetoka, usianze kwa kubishana ni nani aliyekosea. Bandua karatasi, futa ujumbe kwenye kundi kwa kila mtu, andika saa uliyogundua na ni taarifa za akina nani zilizoonekana. Sheria ya 2021 inampa mwenye kusimamia taarifa saa 48 kuiarifu mamlaka tangu alipojua kwamba taarifa zimevuja. Mjulishe pia mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajasikia sokoni. Kisha toa nakala iliyosahihishwa, bila kusema ni wapi hasa palipokuwa na kosa, kwa kuwa anayeambiwa "tumesahihisha ukurasa wa tatu" atakwenda kutafuta ukurasa wa tatu wa zamani.

Mzigo huu wote hupungua ukianzia kwenye kuandika. Mwenyekiti anaweza kusimamisha mjadala na kusema: "Sababu za afya au za familia zipelekwe kwa kamati kwa maandishi, hapa tunajadili ombi na muda." Katibu hana haja ya kuficha kisichoandikwa, na mkutano haupungukiwi na kitu. Kwa chama kisicho na kanuni hiyo, sentensi hizi zinaweza kupigiwa kura kwenye mkutano ujao na kuingizwa katika kanuni za ndani:

"Muhtasari uliosainiwa hautabadilishwa wala kusambazwa. Nakala ya kusambazwa itaandaliwa na katibu na kuthibitishwa na mjumbe mmoja wa Inama Ngenzuzi ndani ya siku saba. Itaonyesha maamuzi yote, kura, fedha na wahusika kwa vyeo vyao. Haitataja namba za vitambulisho, simu, afya, familia, asili ya mtu, wala deni la mwanachama mmoja mmoja. Anayehusika hatashiriki kuamua kinachofichwa."